Njaa ya Saa Nne

Kwa miaka 11 nilifundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari mjini Tanga, na kwa miaka yote hiyo saa nne asubuhi ilinikuta na kikombe cha chai mkononi, na andazi au kipande cha muhogo wa kuchemsha pembeni. Kisha nikahamia Dodoma kwenye kazi ya ofisini, mahali ambapo hakuna kengele wala chai ya saa nne. Watu wanakunywa chai nyumbani kabla ya kutoka, halafu hawaonani na chakula mpaka saa saba mchana. Nilidhani ni jambo la kuzoea kwa siku mbili. Wiki ya kwanza nilishindwa kusoma hata barua ya ukurasa mmoja mpaka mwisho.

Kilichonishangaza ni kwamba Dodoma nilikuwa nakula vizuri zaidi asubuhi kuliko Tanga. Tanga nilitoka nyumbani na chai ya rangi tu, nikijua saa nne ipo. Dodoma nilikunywa bakuli zima la uji wa ulezi na mkate wa siagi ya karanga saa moja kasoro robo. Kwa hesabu ya kawaida, njaa ilipaswa kuchelewa. Haikuchelewa hata dakika tano. Saa nne ikikaribia, tumbo linaanza kuvuta, mate yanajaa mdomoni, na akilini linakuja andazi lile lile, lenye iliki, la moto.

Siku ya tatu tulikuwa na kikao kilichoanza saa tatu na nusu, na maneno yakavutana mpaka saa sita. Nilipotoka nje nikagundua sina njaa. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu uji wa alfajiri, na njaa ilikuwa imekuja, imenisumbua, kisha imeondoka bila kupewa chochote. Nilisimama pale barazani nikajiuliza imekwenda wapi. Kama njaa ni tumbo kudai chakula kwa sababu kimeisha, inawezaje kudai kwa nguvu saa nne na nusu, halafu saa sita, tumbo likiwa tupu zaidi, ikanyamaza?

Nikachukua daftari. Ni tabia ya ualimu, siwezi kuiacha. Kila dakika 15, kuanzia saa 3:30 hadi saa 5:30, nilijipa alama ya njaa kutoka 0 hadi 10. Sifuri ni mtu aliyetoka kula pilau ya harusi, kumi ni mtu asiyeweza kuwaza kitu kingine. Siku ya kwanza ya daftari ilisoma hivi: saa 3:45 alama 3, saa 4:00 alama 6, saa 4:15 alama 8, saa 4:30 alama 7, saa 4:45 alama 5, saa 5:00 alama 3, saa 5:15 alama 2. Siku ya pili ilikuwa karibu sawa na hiyo. Siku ya tatu nilikunywa uji saa mbili badala ya saa moja kasoro, makusudi, nione kama wimbi litasogea mbele. Kilele kilibaki pale pale, saa nne na robo, ila kilikuwa kifupi kidogo: alama 6.

Njaa ninayoizungumzia humu, basi, ni hii ya mtu aliyekula jana na atakayekula leo. Mtu ambaye sufuria yake haijapanda jikoni tangu juzi ana jambo jingine kabisa mwilini, na sitaki yeyote achukue maneno yangu akamwambie mtu huyo kwamba njaa hupita.

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba sukari ya damu ikishuka ndipo njaa inakuja. Si uongo, ila ni kipande tu. Kipande kingine kilipatikana mwaka 1999, Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani walipoitenga homoni kutoka kwenye tumbo la panya wakaiita ghrelini. Ni mnyororo mfupi wa amino asidi 28, na hutengenezwa zaidi na seli zilizomo kwenye ukuta wa sehemu ya juu ya mfuko wa tumbo. Seli hizo huitia kwenye damu, ikafika kwenye ubongo, na huko huamsha neva zinazotufanya tutafute chakula. Wenyewe walikuwa wakitafuta kitu kinachochochea homoni ya ukuaji. Kumbe walichoshika mkononi kilikuwa pia sauti ya njaa. Mwaka 2001 watafiti wa London waliwadunga watu 9 wenye afya homoni hiyo kwenye mshipa, kisha wakawaandalia chakula wajipakulie. Walikula asilimia 28 zaidi kuliko siku waliyodungwa maji ya chumvi tu.

Mwaka huo huo David Cummings na wenzake mjini Seattle walifanya jambo rahisi ambalo lingefaa kuwa kwenye kila kitabu cha baiolojia cha sekondari. Waliwaweka watu 10 wodini kwa siku nzima na kuwachukua damu mara 38. Chakula kilitolewa saa mbili asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja na nusu jioni. Ghrelini ilipanda kabla ya kila mlo mpaka karibu maradufu, kisha ndani ya saa moja baada ya kula ikawa imeshuka mpaka chini. Vilima vitatu kwa milo mitatu.

Kuna jambo jingine kwenye kazi hiyo ambalo watu hulipita, nami nilikaa nalo muda mrefu. Ukiviacha vilima vya milo na kutazama mkondo wa chini yake, kiwango cha ghrelini kilikuwa kikipanda polepole mchana kutwa hadi kufika juu kabisa karibu saa saba ya usiku, kisha kikashuka usingizini mpaka chini kabisa karibu saa tatu asubuhi. Fikiria maana yake. Asubuhi ndiyo wakati tumekaa muda mrefu kuliko wote bila chakula, na ndipo mkondo huo uko chini. Kama homoni hii ingekuwa kipimo cha mafuta kwenye tangi, alfajiri ingekuwa inapiga kelele.

Lakini vilima vya Seattle vinaacha swali langu la Dodoma bila jibu. Wale watu walipewa chakula, na ghrelini ikashuka. Mtu anaweza kusema imeshushwa na chakula. Mimi sikula, na njaa ilishuka. Jibu nililipata kwenye utafiti wa Vienna uliochapishwa mwaka 2005, wa Giancarlo Natalucci na wenzake. Waliwachukua watu 6, wanawake 3 na wanaume 3, wenye uzito wa kawaida, wakawafungisha kwa saa 33. Katika saa 24 za kipindi hicho waliwachukua damu kila baada ya dakika 20, usiku na mchana. Hakuna sahani iliyoingia chumbani.

Ghrelini ilipanda asubuhi, ikapanda mchana, ikapanda jioni, karibu na saa ambazo watu hao walizoea kula. Kila mara, bila tonge, ikashuka yenyewe. Na wakati saa za mfungo zikizidi kusonga, jumla ya homoni hiyo haikuongezeka. Ilipungua.

Niliposoma hayo nililitazama tena daftari langu. Saa 4:15 alama 8, saa 5:15 alama 2. Sikuwa nimevumilia mpaka mwili ukakata tamaa, kama nilivyodhani. Tumbo lilikuwa limetuma ujumbe wake wa kila siku kwa wakati wake, na muda wa ujumbe ukapita. Ghrelini haikai kwenye damu muda mrefu. Seli zikiacha kuimimina, mwili huiondoa ndani ya dakika kadhaa, si masaa. Ndiyo maana njaa ya aina hii ina ubavu wa kupanda na ubavu wa kushuka, kama maji ya bahari pale Raskazone, Tanga, yanavyojaa na kupwa bila kumwuliza mvuvi.

Seli za tumbo zinajuaje kwamba ni saa nne?

Hapa lazima nirudi kwa panya, maana ndio waliotufundisha. Tangu miaka ya 1920 Curt Richter wa Marekani aliona kwamba panya anayelishwa mara moja kwa siku, saa ile ile, huanza kuhangaika na kukimbia kabla ya chakula kuletwa. Mtu angeweza kudhani ananusa, au anasikia nyayo za mlishaji. Baadaye ikaonekana hata mlishaji asipokuja, panya huhangaika saa ile ile, kisha hutulia. Tena hajifunzi muda wowote tu. Ukimlisha kila baada ya saa 24, anashika. Ukimlisha kila baada ya saa 18, hashiki. Kwa hiyo hahesabu muda uliopita tangu mlo wa mwisho, kama mtu anayehesabu masaa kwa vidole. Ndani yake kuna saa inayozunguka kwa mzunguko wa siku, na chakula ndicho kinachoisogeza mishale.

Ubongo una saa kubwa inayofuata mwanga, nukta ndogo ya seli iliyo juu ya mahali mishipa ya macho inapopishana. Ilikuwa rahisi kudhani ndiyo hiyo. Mwaka 1979 Friedrich Stephan na wenzake waliiharibu nukta hiyo kwa panya. Panya walipoteza mpangilio wa usiku na mchana, lakini chakula kikija saa ile ile kila siku, bado walikitarajia. Saa ya chakula ni nyingine. Mpaka leo hakuna aliyenyoosha kidole mahali pamoja akasema iko hapa tu, na wengi wanaona ni saa nyingi zinazosaidiana. Moja ya saa hizo imo tumboni. Mwaka 2009 Joseph LeSauter na Rae Silver na wenzao wa New York walionyesha kwamba zile zile seli zinazotengeneza ghrelini zina ndani yake protini za saa, ziitwazo PER1 na PER2, ambazo hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku. Ukibadilisha saa ya kulisha, mzunguko wa seli hizo unaifuata saa mpya. Na panya wa maabara waliozaliwa bila kipokezi cha ghrelini walihangaika kidogo na kwa kuchelewa kabla ya mlo, kuliko wenzao.

Kwa hiyo tumbo langu halikuhitaji kengele ya shule. Nakumbuka siku moja Tanga saa ya kiranja wa zamu ilikuwa imesimama na kengele ikachelewa kwa nusu saa. Hakuna aliyekuwa ameangalia ukutani, lakini vichwa vya wanafunzi vilianza kugeukia dirishani, na mimi mwenyewe chaki ilinipoa mkononi. Wakati ule niliwakemea kwa kutokuwa makini. Leo ningewaambia wafungue madaftari tuandike somo.

Nimeulizwa na wengi faida ya mwili kujisumbua hivi ni nini. Jibu ninaloliamini ni kwamba mlo ni mzigo. Sahani moja ya wali inamwaga sukari nyingi kwenye damu kwa muda mfupi, na mwili unaoijua saa ya mzigo hujiandaa mapema: asidi ya tumbo hutoka, mate hutoka, kongosho huanza kutoa insulini kidogo hata kabla ya tonge la kwanza kushuka. Ghrelini yenyewe, mbali na kuita njaa, huongeza mwendo wa tumbo. Njaa ya saa nne ni sauti ya jiko linalowashwa kwa ajili ya mgeni aliyezoea kuja. Mgeni asipokuja, jiko linazimwa.

Na yale makunyato, ule mvuto wa tumbo wenye mlio? Mwaka 1912 Walter Cannon wa Harvard na mwanafunzi wake Washburn walichapisha kazi ambayo Washburn mwenyewe alimeza puto lililofungwa kwenye mrija, wakalipuliza tumboni, kisha akawa anabonyeza kitufe kila alipohisi njaa huku chombo kikichora mikazo ya tumbo. Vilikwenda pamoja. Leo tunajua kwamba tumbo tupu hujifagia lenyewe kwa mikazo inayorudi kila baada ya dakika 90 hadi 120, na kipindi cha mikazo mikali hudumu dakika chache tu. Kwa hiyo juu ya wimbi refu la homoni kuna mawimbi madogo ya misuli. Ndiyo sababu katika asubuhi moja mtu huhisi njaa ikimuuma, ikamwachia kidogo, ikamuuma tena. Ufagio huo si dalili kwamba nguvu zimeisha mwilini. Kwa mtu aliyekula jana usiku, ini lina akiba ya sukari ya kutosha kuifikisha asubuhi mchana, na mafuta yapo nyuma yake.

Nirudi kwenye daftari, maana hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna mtafiti aliyenipa mkononi. Niliendelea kutokula saa nne. Wiki ya kwanza kilele kilikuwa 8, 8, 6, 7, 7. Wiki ya pili Jumatatu ilikuwa 6, Jumanne 5. Jumatano ya wiki ya pili mwenzetu mmoja alikuwa anaagwa, na saa 4:15 kamili zikaletwa sambusa na chai ya maziwa. Nilikula mbili. Alhamisi kilele kikarudi 8. Ijumaa 7. Ilinichukua mpaka katikati ya wiki iliyofuata kurudi kwenye 5, na mwisho wa wiki ya nne nilikuwa naandika 2 na 3, siku nyingine nasahau kabisa kuandika.

Hizo sambusa mbili zilinifunza zaidi ya kurasa nyingi. Mazoea yana taabu, na taabu yake moja ni kwamba hayahitaji kulishwa kila siku ili yaishi. Anayeamua kuacha kitafunwa cha saa nne, kisha akala kila Jumatano, hateseki siku moja tu. Anateseka Alhamisi na Ijumaa pia, na anadhani tatizo ni moyo wake dhaifu. Ni saa ya tumbo ndiyo imesogezewa mshale upya. Nikiulizwa nishauri, ningesema kama unataka wimbi life, lipe majuma matatu au manne bila kuvunja, na kama hutaki kulifisha, basi kula saa nne kila siku kwa amani. Kinachochosha ni kuyumba katikati.

Waislamu wenzangu hufanya jaribio hili kila mwaka bila daftari. Siku tatu nne za kwanza za Ramadhani njaa yangu inakuja saa saba mchana, inapiga hodi kwa ukali, na kufika alasiri imepoa. Kumi la pili likianza, saa saba imenyamaza, na njaa imehamia saa kumi na moja jioni, ikipanda kuelekea magharibi. Tumbo limejifunza adhana. Na sisi wa pwani hii tuna urahisi ambao sikuwahi kuufikiria mpaka dada yangu aliyeolewa London aliponipigia simu akilalamika. Karibu na ikweta magharibi husogea kwa dakika chache tu mwezi mzima, kwa hiyo tumbo linapewa saa moja lishike. Kwake yeye, ikiangukia majira ya kuchipua, magharibi husogea karibu dakika mbili kila siku, na mwisho wa mwezi futari imechelewa kwa karibu saa nzima kuliko siku ya kwanza. Saa yake ya tumbo inakimbiza mlo unaokimbia.

Sasa kosa langu. Ofisini tulikuwa na mzee mmoja, mstaarabu sana, ambaye alikuwa akiniona na daftari langu. Siku moja aliniambia, "Mwalimu, na mimi saa tano hivi njaa inanikaba." Nikamweleza habari zote hizi kwa furaha, nikamwambia, "Mzee wangu, iache tu, itapita." Sikumuuliza kitu kingine. Kesho yake saa tano na nusu alinifuata mezani, shati limelowa jasho mgongoni na ofisi ilikuwa baridi. Mikono ilikuwa inatetemeka. Akasema, "Mwalimu, yangu haishuki. Inapanda tu."

Alikuwa na kisukari, na alikuwa anatumia glibenklamaidi, dawa inayolisukuma kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hujala. Kipimo chake cha sukari kilisoma milimoli 3.1 kwa lita, wakati chini ya 3.9 tayari ni sukari iliyoshuka. Tulimpa nusu chupa ya soda yenye sukari, tukangoja dakika 15, tukapima tena ikasoma 4.4, ndipo akala mkate. Alinisamehe kabla sijamwomba. Mimi sijajisamehe kirahisi, maana swali moja lingetosha: unatumia dawa gani?

Maneno yake, "haishuki, inapanda tu", ndiyo kipimo ninachokitumia tangu siku hiyo. Njaa ya mazoea inakuja kwa saa yake, inataka kitu fulani, aghalabu kile kile, na baada ya nusu saa au saa moja inalegea, hasa ukiwa na kazi mkononi. Haileti jasho baridi, haitetemeshi mikono, haichanganyi maneno mdomoni. Ikileta hayo, hiyo ni sukari inashuka, na dawa yake ni sukari mara moja. Anayetumia insulini au dawa za jamii ile asijaribu kupitisha wimbi lolote kabla ya kupanga na daktari wake. Vilevile yapo maumivu yanayojifanya njaa: yanaunguza chini ya kifua, yanamwamsha mtu usiku wa manane, na chakula kikiingia yanatulia kwa muda kisha yanarudi. Kidonda cha utumbo mwembamba hufanya hivyo hasa, na mtu anaweza kukilisha biskuti mwaka mzima akidhani ni njaa. Mama mjamzito na mtoto anayekua wao wale.

Kuna jambo la mwisho kuhusu wale panya. Ukimfundisha panya saa ya mlo, kisha ukamwachia chakula tele mchana na usiku, lile hangaiko la kabla ya mlo linapotea. Ungeapa amesahau. Halafu baada ya siku nyingi ukiondoa chakula chote, siku ile ile hangaiko linarudi, na linarudi kwenye saa ile ya zamani. Saa haikufa. Ilikuwa inazunguka kimya, ikisubiri tumbo tupu.

Nilikuwa nimelisoma hilo bila kulitilia maanani sana. Mwaka wa pili wa Dodoma, miezi mingi baada ya kulifunga daftari, nilitakiwa kupima damu bila kula, na foleni ya maabara ikawa ndefu. Sikuwa nimekunywa hata uji. Nilikaa kwenye benchi nikiongea na mama mmoja kuhusu bei ya mahindi, mara mate yakajaa mdomoni na tumbo likavuta, na pua yangu, katikati ya harufu ya dawa za kufanyia usafi, ikasikia iliki. Nikatazama simu. Ilikuwa saa 4:12. Nikatoa kalamu nikaandika nyuma ya karatasi ya vipimo: 8. Saa 5:10, wakiniita jina, nikaandika 3.